Vitanzi viwili vinavyopishana ndani ya mota ya DC, na namna ya kuvikunja bila kupoteza kitu

*Mwalimu, shikamoo. Tumepewa mchoro wa bloku wa mota ya DC inayodhibitiwa pembe ya shafti. Una mrejesho wa pembe kwa nje, mrejesho wa mkondo, na volteji pinzani ya mota yenyewe, halafu kuna nukta ya ziada ya kujumlisha ambapo mzigo unaingia. Mimi na mwenzangu tumepata fanksheni tofauti: kwangu kipengele chenye Ke, kile cha volteji pinzani, kimezidishwa kwa A ya amplifaya, kwake hakijazidishwa. Tukiweka s = 0 wote tunapata 1. Nani amekosea, na mzigo tunaufanyaje?*

Marahaba. Mwenzako ndiye aliyepata. Wewe umekosea hatua moja tu, lakini ni hatua ambayo karibu kila anayeanza kukunja michoro hii huirukia, na kipimo cha s = 0 mlichokitegemea hakina uwezo wa kuigundua. Ili tuelewane, naupanga mchoro wenu upya kwa herufi, nikianzia kushoto kwenda kulia.

Pembe inayotakiwa, R, inaingia nukta ya kwanza ya kujumlisha, S1, ambapo pembe halisi ya shafti, θ, inatolewa. Tofauti inapita kwenye bloku K. Kisha inafika S2, ambapo ishara ya kipima mkondo inatolewa, nayo ni mkondo i uliozidishwa kwa H. Kinachobaki kinapita kwenye amplifaya A, kinatoka kikiwa volteji v, na kufika S3, ambapo volteji pinzani, yaani kasi ω iliyozidishwa kwa Ke, inatolewa. Baada ya hapo kuna bloku ya umeme wa amecha, G = 1/(Ls + Ra), ambayo pato lake ni mkondo i. Mkondo unazidishwa kwa Kt kupata nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi wengi huiita toki. Toki hiyo inafika S4, ambapo toki ya mzigo, T, inatolewa, kisha inapita bloku ya mashine, P = 1/(Js + B), inayotoa kasi ω, na mwisho 1/s inaigeuza kasi kuwa pembe.

Sasa chukua penseli ya rangi na upake kila kitanzi. Kitanzi cha mkondo kinaanzia S2, kinapita A na G, kinachotwa kwenye i na kurudi S2 kupitia H. Kitanzi cha volteji pinzani kinaanzia S3, kinapita G, Kt na P, kinachotwa kwenye ω na kurudi S3 kupitia Ke. Tazama mpangilio wa mianzo na miisho yake: kitanzi cha mkondo kinaanza kabla ya kile cha pili, na kinakwisha kabla ya kile cha pili pia. Hakuna kimoja kilicho ndani ya mwenzake. Vimepishana kama pete mbili za mnyororo, na bloku wanayogawana ni G. Kitanzi cha pembe, kwa upande wake, kimevizunguka vyote viwili kikamilifu, kwa hiyo hicho hakitatusumbua.

Kanuni ya kukunja kitanzi kimoja, ambayo naamini mnaijua, inasema kwamba njia ya mbele F yenye mrejesho hasi N inageuka bloku moja F/(1 + FN). Kanuni hiyo ina sharti ambalo vitabu hulitaja kwa sentensi moja tu: kati ya nukta ya kujumlisha na nukta ya kuchotea isiwepo ishara ngeni inayoingia, wala isiwepo ishara inayochotwa kwenda kwingine. Kitanzi chenu cha mkondo kinavunja sharti hilo, kwa sababu katikati yake, baina ya A na G, kuna S3 inayoleta Ke·ω kutoka nje. Wewe, nadhani, ulikifunga kitanzi cha mkondo kwanza, ukaandika AG/(1 + AGH), halafu ukaichukua ile nukta S3 iliyobaki haina mahali na kuiweka kabla ya bloku hiyo mpya, na waya wake ukiwa bado na Ke peke yake. Hapo ndipo A ilipoingia. Volteji pinzani ambayo katika mota halisi inatolewa baada ya amplifaya, wewe umeitoa kabla ya amplifaya, kwa hiyo imekuzwa mara A.

Nukta ya kujumlisha inaruhusiwa kuhamishwa, ila mahali inapotoka pasibadilike. Ukiirudisha S3 nyuma ya A, ishara iliyokuwa ikitolewa moja kwa moja sasa itapita kwenye A kabla ya kufika palepale, hivyo lazima uigawanye kwa A mapema ili kule mbele itoke vilevile. Waya wa volteji pinzani unakuwa na Ke/A badala ya Ke. Alama ya kutoa inasafiri pamoja na waya. Wapo wanaogawanya vizuri kisha wakasahau alama, na asili ya jibu lao inakuwa na kipengele cha Ke chenye alama ya kutoa, kana kwamba mota inajisukuma yenyewe izidi kukimbia.

Baada ya kuhamisha, nukta mbili zimekaa pamoja bila bloku kati yake wala waya unaochotwa, na nukta za namna hiyo zinaweza kubadilishana nafasi, kwa sababu kutoa x kisha kutoa y ni sawa na kutoa y kisha x. Tunaitanguliza ile yenye Ke/A na kuiacha ya mkondo ndani. Sasa kitanzi cha mkondo kiko safi na kinakunjika kuwa

```
AG / (1 + AGH)
```

Kitanzi cha volteji pinzani kimekuwa cha kukizunguka. Njia yake ya mbele ni AG·Kt·P/(1 + AGH) na mrejesho wake ni Ke/A. Ukikikunja, ile A ya juu inakutana na A ya chini na kufutana, na unabaki na

```
A·G·Kt·P / (1 + A·G·H + G·Kt·P·Ke)
```

Zidisha kwa K na 1/s, kisha ufunge kitanzi cha nje ambacho mrejesho wake ni 1, nawe utapata fanksheni ya uhamisho kutoka R kwenda θ, mzigo ukiwa sifuri:

```
θ/R = (K·A·G·Kt·P/s) / (1 + A·G·H + G·Kt·P·Ke + K·A·G·Kt·P/s)
```

Kila kipengele kinachofuata 1 kwenye asili ni kitanzi kimoja, kimezungushwa mara moja, bila mchanganyiko. Huo ndio umbo ambao kanuni ya Mason, iliyochapishwa mwaka 1956, inautaka pale ambapo vitanzi vyote vinagusana. Ukiona kwenye asili yako zao la vitanzi viwili, mfano kipengele chenye G², basi umevichukulia vitanzi hivi kama havigusani, na si kweli, kwa kuwa G ni ya vyote viwili.

Tuweke namba, maana kwa herufi kosa lako linaonekana dogo kuliko lilivyo. Tuseme Ra ni omu 2, L ni henri 0.02, Kt na Ke kila kimoja ni 0.1 katika vizio vya kimataifa, J ni 0.001, B ni 0.002, A ni 10, H ni 0.2 na K ni 0.05. Zidisha juu na chini kwa s(Ls + Ra)(Js + B), na asili inakuwa

```
s[(Ls + Ra + A·H)(Js + B) + Kt·Ke] + K·A·Kt
```

Hapa tayari kuna jambo la kuangalia kabla ya kuendelea: mrejesho wa mkondo umejipachika kando ya Ra. A·H ni 2, kwa hiyo mota inajiendesha kana kwamba ukinzani wa amecha yake ni omu 4. Tutalihitaji hilo tukifika kwenye mzigo. Ukifungua mabano na kuzidisha kote kwa 50000 ili kuondoa desimali, unapata

```
θ/R = 2500 / (s³ + 202s² + 900s + 2500)
```

Majawabu ya asili hii ni moja lililo mbali, karibu na −197.5, na mawili pacha yatokanayo na s² + 4.49s + 12.66. Hilo la mbali linafifia ndani ya sehemu ndogo ya sekunde na haliamui chochote. Yale mawili yana uwiano wa kufifisha wa takriban 0.63, kwa hiyo shafti itapitiliza pembe inayotakiwa kwa kama asilimia 8, itarudi, na kutulia katika sekunde 1.8 hivi.

Jibu lako, ambalo kipengele cha Ke kina A mbele yake, linabadilisha Kt·Ke ya 0.01 kuwa 0.1, na asili inakuwa s³ + 202s² + 5400s + 2500. Jawabu linalotawala sasa ni −0.47. Shafti haipitilizi kamwe. Inajikokota, na inachukua kama sekunde 8.5 kutulia. Mtu akikuamini, ataiona mota ni nzito, ataongeza K hadi karatasi yake impe mwitikio anaoutaka, kisha kwenye mota halisi atashangaa kuona shafti inayumba huku na huku. Karatasi itamwambia mfumo unastahimili K kubwa mno. Kwa asili sahihi, sharti la uthabiti ni 202 × 900 kuwa kubwa kuliko 50000K, yaani K isizidi 3.6 hivi. Kwa asili yako mpaka huo unapaa hadi 21.8.

Kwa nini basi nyote mlipata 1? Kwa sababu kitanzi cha nje kina 1/s. Unapoisogeza s kuelekea sifuri, kipengele chenye 1/s kinakua bila kikomo, na vile vingine vyote, vya kweli na vya uongo, vinamezwa. Ungeweza kuandika chochote mahali pa kipengele cha Ke na bado ukapata 1. Kipimo cha s = 0 kinakagua kitanzi cha nje peke yake.

Kipimo cha vizio, ambacho mimi hukitumia kwanza siku zote, nacho hapa kingekuacha. Kila kipengele kinachojumlishwa na 1 lazima kiwe namba tupu isiyo na kizio. A·G·H ni volti kwa volti, mara ampea kwa volti, mara volti kwa ampea, na vizio vyote vinafutika. G·Kt·P·Ke vivyo hivyo. Lakini A yenyewe ni volti kwa volti, yaani haina kizio, kwa hiyo ukiichomeka mahali pasipo pake vizio havilalamiki. Laiti amplifaya yenu ingekuwa ya kutoa mkondo kwa volti, kosa lingepiga kelele papo hapo. Nakushauri uendelee kutumia kipimo hiki, ila usikipe kazi isiyo yake.

Kipimo kinachokamata kosa lako ni kuzima bloku moja na kujiuliza mashine itafanya nini. Weka A = 0. Amplifaya sasa inatoa volteji sifuri, maana yake ncha mbili za mota ni kama zimeunganishwa pamoja kwa waya. Jibu la mwenzako linaacha asili 1 + G·Kt·P·Ke. Lako linaacha 1 tupu, yaani volteji pinzani imetoweka pamoja na amplifaya. Sasa chukua mota ndogo ya DC yenye sumaku ya kudumu, kama ya toi ya mtoto. Zungusha shafti yake kwa vidole, nyaya zikiwa zimeachana, kisha zigusishe nyaya hizo na uzungushe tena. Mara ya pili utahisi shafti imekuwa nzito ghafla, kama imetiwa grisi iliyoganda. Hiyo ni G·Kt·P·Ke ikifanya kazi bila amplifaya yoyote. Asili isiyo na kipengele hicho A inapokuwa sifuri haiwezi kuwa ya mota hii.

Sasa mzigo. Mnapoambiwa mtafute fanksheni moja ya uhamisho ilhali mchoro una maingizo mawili, R na T, maana yake ni kwamba pato ni jumla ya sehemu mbili, na kila sehemu ina fanksheni yake. Mkishughulikia R, T mnaiweka sifuri, na S4 inageuka waya uliopita moja kwa moja. Ndivyo tulivyofanya juu bila kusema. Mkishughulikia T, mnaiweka R sifuri, na S1 inabaki kama kibadilisha alama cha θ tu. Asili haibadiliki, kwa sababu vitanzi ni vilevile popote ingizo linapoingilia. Kinachobadilika ni kiasi, na hapo ndipo uchaguzi wenu wa jinsi ya kuhamisha unapoanza kuwa na gharama.

Kuna njia ya pili ya kuvitenganisha vile vitanzi viwili. Badala ya kuirudisha S3 nyuma, unaweza kuisogeza mbele nukta ya kuchotea mkondo, uitoe kwenye i na kuipeleka kwenye ω, kwa kugawanya waya wake kwa Kt·P. Mrejesho wa mkondo unakuwa H/(Kt·P), kitanzi cha volteji pinzani kinakuwa ndani yake, ukikunja unapata asili ileile na θ/R ileile herufi kwa herufi. Wanafunzi wengi huipenda njia hii kwa kuwa haigusi upande wa amplifaya. Kwa R haina ubaya. Kwa T ni mtego, kwa sababu ukisogeza kutoka i hadi ω umevuka S4, na ng'ambo ya S4 kasi haitokani na mkondo peke yake bali na mkondo pamoja na mzigo. Kauli i = ω/(Kt·P) ni kweli pale tu T ni sifuri. Kauli kamili ni hii:

```
i = (ω/P + T) / Kt
```

Kwa hiyo anayeihamisha nukta hiyo lazima aongeze waya mpya kutoka T kwenda S2 wenye H/Kt na alama ya kutoa, la sivyo kipima mkondo chake hakitauona mzigo. Ni rahisi zaidi kubaki na njia ya kwanza, ambayo haiivuki S4. R ikiwa sifuri, toki inayorudi S4 kutokana na ω ni kupitia kitanzi cha mkondo kilichokunjwa, na ukifuata herufi kwa utulivu unapata

```
θ/T = −(P/s)(1 + A·G·H) / (1 + A·G·H + G·Kt·P·Ke + K·A·G·Kt·P/s)
```

Ile 1 + AGH iliyo juu imetokea kwa sababu njia ya moja kwa moja ya mzigo, kutoka S4 kupitia P na 1/s hadi kwenye θ, haikigusi kitanzi cha mkondo mahali popote, na kitanzi kisichoguswa na njia hubaki kwenye kiasi. Kwa namba zetu:

```
θ/T = −(1000s + 200000) / (s³ + 202s² + 900s + 2500)
```

Weka s = 0 na utaona kwamba kila niutoni-mita 1 ya mzigo wa kudumu inaipotosha shafti kwa radiani 80. Mzigo mdogo wa 0.01 unaipotosha kwa radiani 0.8, ambazo ni digrii 46. Safari hii kipimo cha s = 0 kina maana, kwa kuwa mzigo unaingia kabla ya 1/s na hakuna kinachomeza kiasi. Aliyehamisha nukta ya kuchotea kiholela angeikosa 1 + AGH, angeandika 100000 mahali pa 200000, na karatasi yake ingemwahidi digrii 23. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa ahadi ya namna hiyo nilipokuwa kijana kazini, kwenye mashine ya kuzungusha meza ndogo, na meza ilipowekewa uzito ikakaa mbali na alama karibu mara mbili ya nilivyosema. Nilipoteza siku mbili nikilaumu giya kabla sijarudi kwenye mchoro.

Ukiangalia namba hiyo utaona pia jambo ambalo mchoro wenyewe hausemi. Mrejesho wa mkondo, ambao watu huuweka kwa nia njema ya kuilinda amecha na kuharakisha mwitikio wa umeme, umeifanya mota iwe dhaifu maradufu mbele ya mzigo, kwa sababu (Ra + A·H)/(K·A·Kt) ndiyo inayoamua upotovu na A·H imeongeza omu 2 za bandia. Amplifaya inayouona mkondo ukipanda kwa sababu ya mzigo inapunguza volteji, wakati mzigo ndio ulikuwa ukiuhitaji mkondo huo. Katika viendeshi vya kazi halisi tatizo hili huondolewa kwa kuweka kidhibiti chenye sehemu ya 1/s kwenye kitanzi cha kasi au cha pembe, lakini hilo ni swali jingine.

Kuna gharama moja ya njia ya kwanza ambayo ni haki uijue. Baada ya kuirudisha S3 nyuma ya A, ishara inayotoka kwenye A katika mchoro mpya si volteji v tena. Ni v ikiwa imeshatolewa volteji pinzani. Kwa θ/R na θ/T hilo halina athari, kwa sababu yaliyo mbele ya G hayajabadilika. Lakini mkiulizwa amplifaya inatoa volti ngapi shafti ikianza kuondoka, msiisome kwenye mchoro uliokunjwa. Rudini kwenye mchoro wa awali. Vivyo hivyo kwa mipaka ya amplifaya: ikiwa yenu inaishia volti 24, mahesabu yote haya yanasimama tu kwa miondoko midogo isiyoifikisha huko, maana bloku iliyogota juu haizidishi tena kwa A, na kukunja kote kumejengwa juu ya kuzidisha.

Kuhusu zile bloku za ajabu kama Ke/A au (Js + B)·H/Kt, msihangaike kutafuta zingejengwaje. Ya pili ina s juu bila s chini, hivyo hakuna kifaa kinachoweza kuitekeleza kikamilifu, na haihitajiki. Imezaliwa kwenye karatasi na itafutika kwenye karatasi. Ikiwa haikufutika mpaka mwisho, na jibu lako lina A mbili zisizofutana au s nyingi juu kuliko chini, hiyo nayo ni dalili kwamba hatua fulani ya kugawanya haikupata mwenzake wa kuzidisha.

Mkitaka kujihakikishia bila kukunja chochote, andikeni mlinganyo mmoja kwa kila ishara, yaani v, i, kasi na pembe, na muuache ufumbuzi kwa kompyuta. Milinganyo hiyo inatokana na mchoro wa awali moja kwa moja, kwa hiyo hairithi makosa ya kuhamisha. Katika Python inatosha hivi, q ikiwa ni pembe na w ikiwa ni kasi:

```python
from sympy import symbols, solve, factor
s,K,A,G,Kt,P,H,Ke,R,T = symbols('s K A G Kt P H Ke R T')
v,i,w,q = symbols('v i w q')
m = solve([v - A*(K*(R-q) - H*i), i - G*(v - Ke*w),
           w - P*(Kt*i - T), q - w/s], [v, i, w, q])
print(factor(m[q].subs(T, 0)/R))
print(factor(m[q].subs(R, 0)/T))
```

Mstari wa kwanza utakaochapishwa ni θ/R na wa pili ni θ/T, kila kimoja kikiwa kimezidishwa kwa s juu na chini, kwa hiyo msishtuke mpangilio wa herufi ukiwa tofauti na wa kwangu. Tafuteni kipengele chenye Ke kwenye asili na mhesabu herufi zinazoambatana nacho: mtakuta G, Kt, P na s, bila A. Na m[v] iko palepale kwenye jibu, volteji halisi ya amplifaya, ambayo kukunja kulikuwa kumeificha.

Jambo la mwisho la kiutendaji kwa karatasi yenu ya mtihani, ambako kompyuta haipo. Kabla ya kuhamisha chochote, andika kando orodha ya vitanzi na bloku zinazopitiwa na kila kimoja, ukivifuata kwa kidole kwenye mchoro wa awali: A, G, H, kisha G, Kt, P, Ke, kisha K, A, G, Kt, P, 1/s. Ukimaliza kukunja, linganisha asili yako na orodha hiyo. Kidole chako, kikifuata kitanzi cha Ke, hakikupita kwenye amplifaya hata mara moja.